Nimeuziwa balbu za LED, onyo likawaka. Onyo likanyamazishwa, taa ikafa nami sina habari

Mama wa Nyegezi

Habari zenu, wana jukwaa. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitaeleza yote kwa mpangilio ili atakayesoma asipotezewe fedha kama nilivyopotezewa mimi.

Ninauza dawa za mifugo, na mara mbili kwa wiki ninapeleka mzigo Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hatusubiri tena kivuko, kwa hiyo mara nyingi ninarudi Mwanza giza likiwa limeshaingia, na barabarani kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na watu wanaotembea kwa miguu. Gari langu ni dogo la Kijerumani, la mwaka 2011, lililokuja kutoka Japani. Taa zake za dimu zinatumia balbu za H7 za halojeni, wati 55 kila moja, nami niliziona hafifu. Nikaenda duka moja la vipuri mjini nikauziwa jozi ya LED kwa shilingi 85,000, na nikahakikishiwa kuwa zinaingia kwenye gari lolote lenye soketi ya H7. Muuzaji alisema amewafungia watu wengi wenye IST na hajawahi kupata lalamiko hata moja.

Nilipowasha gari, mwanga ulikuwa mweupe na mkali kweli, lakini kwenye dashibodi ikawaka alama ya njano ya balbu, na maandishi yakaniambia nikague taa ya dimu ya kushoto, kisha ya kulia. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka mbele ya macho yangu! Nilirudi dukani siku hiyo hiyo. Fundi wao hakunieleza chochote kuhusu sababu. Alifungua boneti, akaunganisha vitu viwili vidogo vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kikiwa na maandishi ya wati 50 na omu 6, akanitoza shilingi 20,000 nyingine, onyo likazimika. Nikaondoka nikiamini tatizo limekwisha.

Baada ya wiki tatu, nikitoka Sengerema usiku, kijana wa bodaboda alinisimamisha na kuniambia, "Mama, gari lako lina jicho moja." Nilishuka nikaona taa ya kushoto imekufa kabisa, na dashibodi ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Sijui nilikuwa nimeendesha hivyo kwa muda gani. Asubuhi yake nilifungua boneti na kukuta kile kitu cha dhahabu kimefungwa kwa gundi ya utepe kwenye kifuniko cha plastiki cha taa. Utepe ulikuwa umekauka na kugeuka kahawia, plastiki imebonyea kwa ndani kana kwamba mtu ameiminya kwa kidole gumba ikiwa ya moto, na waya mmoja ulikuwa umelainika hadi shaba ikaanza kuonekana.

Dukani wamekataa kunirudishia fedha. Wanasema balbu ikishafungwa hairudishwi. Ninauliza mambo mawili: kwa nini gari lilisema balbu zimeungua wakati zinawaka, na kwa nini lilinyamaza balbu ilipoungua kweli?

Dereva wa Noah

Pole sana, mama. Hata mimi yamenikuta, ila kwangu ni indiketa. Niliweka LED nyuma, sasa ikiwaka inapigapiga haraka kama ina wazimu. Nadhani balbu zako zimeingizwa kinyume. Zitoe, zigeuze upande wa pili, zitatulia.

Mama wa Nyegezi

Asante, kaka, lakini zangu zilikuwa zinawaka vizuri tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa ni ujumbe.

Kijana wa Kirumba

Dada, ulipaswa kununua zile zilizoandikwa kanbasi kwenye boksi. Zile zina kifaa ndani kinachozungumza na kompyuta ya gari na kuiambia kwamba balbu ni nzima. Nilifunga kwenye gari la bosi wangu na onyo halikutokea hata siku moja. Njia nyingine ni kumtafuta mwenye mashine ya kompyuta azime ukaguzi wa taa hizo kabisa, na biashara inaishia hapo.

Fundi Umeme Nyakato

Mama wa Nyegezi, pole. Ninafanya kazi ya umeme wa magari, na ninaomba nijibu taratibu kwa sababu hapa kuna mambo matatu yamechanganywa.

Kompyuta ya gari lako haina macho ya kuona mwanga. Inachofanya ni kupeleka umeme kwenye balbu kisha kupima ni kiasi gani cha mkondo kinachopita. Balbu ya halojeni ya wati 55 inavuta kati ya amperi 4 na 5. Ikiungua, uzi wake hukatika na mkondo hushuka hadi sifuri. Kwa hiyo mtengenezaji aliweka kikomo cha chini, na mkondo ukishuka chini ya kikomo hicho, kompyuta inahukumu kwamba balbu imekufa. LED inatoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo. Nyingi za aina uliyonunua, nikizipima gari likiwa linaunguruma, zinavuta amperi 1.5 hadi 2 tu, hata kama boksi limeandikwa namba kubwa za kuvutia. Kompyuta ikiona amperi 1.7 mahali ilipozoea 4.3, inatoa onyo. Haikukosea; imefuata kipimo ilichopewa. IST na nyingi za rika lake hazina upimaji huo kwenye taa za mbele: kuna swichi, rilei na fyuzi, na hakuna anayehesabu. Ndiyo maana muuzaji wako hakuwahi kupata lalamiko, na ndiyo maana ushahidi wake haukuwa na maana kwa gari lako.

Vile vitu vya dhahabu ni rizista. Vinaunganishwa sambamba na balbu, kati ya waya wa umeme na waya wa hasi, na kazi yake ni kula umeme ili jumla irudi juu. Kwa volti 13.8, rizista ya omu 6 inavuta amperi 2.3. Jumlisha na 1.7 za LED, unapata 4.0, na kompyuta inaridhika. Lakini hizo amperi 2.3 ni karibu wati 32 za joto tupu, kwenye kipande cha aluminiamu kisichozidi kidole, kwa muda wote taa inapowaka. Kikifungwa mahali pasipo hewa kinapita nyuzi joto 100 bila shida. Namba 50 iliyoandikwa juu yake inahesabiwa kikiwa kimefungwa kwa skrubu kwenye bati nene linalopokea joto hilo. Kukifunga kwa utepe kwenye plastiki ni kosa kubwa la fundi, na shukuru kwamba waya ulilainika tu. Kwenye indiketa, kama ya kaka wa Noah, rizista huwa na nafuu kwa sababu taa inawaka na kuzima, inapata nafasi ya kupoa. Ile kupiga haraka ndiyo onyo la gari lake: rilei yake imeona mkondo mdogo. Kugeuza balbu hakusaidii kama tayari inawaka.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. LED ilipokufa, rizista ilibaki pale pale ikiendelea kula amperi 2.3. Kwa gari lako, bila shaka kiasi hicho kilitosha kuwa juu ya kikomo, basi kompyuta ikaendelea kuamini kwamba kuna balbu nzima. Rizista haikutibu onyo, ililiziba mdomo.

Kijana wa Kirumba, umepatia kwamba balbu ya kanbasi mara nyingi huondoa ujumbe, lakini haizungumzi na kompyuta yoyote. Ndani yake, au kwenye kile kiboksi cha waya wake, kuna mzigo wa ziada na kapasita za kulainisha umeme. Ni hila ile ile, ila imepangwa vizuri zaidi. Na kuzima ukaguzi kwa mashine kunawezekana kwa baadhi ya magari, lakini mama atakuwa amerudi kule kule: taa ikifa, hakuna wa kumwambia.

Kijana wa Kirumba

Nimekuelewa, mkuu. Lakini kama kanbasi nayo ina mzigo ndani, LED yake ikifa si itadanganya vile vile?

Fundi Umeme Nyakato

Inategemea ilivyotengenezwa. Nimekutana na zinazokata mzigo pamoja na LED, onyo likatokea inavyotakiwa, na nimekutana na zisizokata. Kwenye boksi hawaandiki. Mimi hujaribu mezani: ninachomoa kichwa cha LED kwenye kiboksi chake, kisha ninapima kama kiboksi peke yake bado kinavuta. Kama kinavuta amperi 2, siifungi kwenye gari la mteja.

Mzee wa Bugando

Mimi ninaomba kuongeza jambo moja. Hizi LED zinazofungwa ndani ya taa zilizotengenezwa kwa halojeni zinatupofusha sisi tunaokuja mbele yenu. Mwanga unatawanyika juu. Tafadhali mnapobishana kuhusu onyo, mkumbuke na macho yetu.

Fundi Umeme Nyakato

Ni kweli, mzee, shikamoo. Balbu ikifungwa vibaya hali huwa mbaya zaidi: vipande vinavyotoa mwanga vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Hata zikifungwa sawasawa, kioo kile hakikupigiwa hesabu ya LED, kwa hiyo usiku ninasimamisha gari mbele ya ukuta na kuangalia kama mstari wa juu wa mwanga bado umekatika vizuri. Ukiwa umesambaa, ninamrudishia mteja halojeni yake.

Mama wa Nyegezi

Marahaba kwa niaba ya mzee kama hatajibu, na asante sana, fundi. Laiti ningeelezwa haya mapema. Nimetoa rizista zote mbili na waya umebadilishwa. Ndugu yangu aliniazima jozi ya kanbasi nijaribu: onyo halikutokea, lakini taa ya kulia inapepesa, hasa gari likiwa limesimama na injini inazunguka polepole.

Fundi Umeme Nyakato

Badilishana balbu, ya kulia iende kushoto. Kupepesa kukihamia kushoto, balbu ndiyo mbovu. Kukibaki kulia, tazama soketi na waya wa hasi wa upande huo. Ingekuwa pande zote mbili, ningesema gari linapeleka umeme kwa vipande vya haraka na balbu haiwezi kuvilainisha. Na kama ingekonyeza taa zikiwa zimezimwa, hapo ni kompyuta inayojaribu uzi wa balbu kabla ya kuwasha.

Mama wa Nyegezi

Nimebadilishana leo mchana. Kupepesa kumebaki kulia, na soketi kwa macho haina kutu. Nitakuletea gari Nyakato Jumamosi. Kwa sasa nimerudisha halojeni, dashibodi haina ujumbe, na kesho alfajiri ninakwenda Sengerema nazo. Balbu mbovu, rizista na kile kifuniko kilichobonyea nimevitia kwenye mfuko, ninavirudisha dukani kwa mara ya tatu.