Mjadala: Spinloki zipigwe marufuku kwenye programu za kawaida?

Opi wa Ntinda:
Kazini tumeshushiwa amri: hakuna kuandika spinloki, ukikutwa nayo msimbo wako haupiti. Yangu inalinda jedwali dogo la viwango vya kubadilisha fedha. Kazi ya ndani ni mistari sita, na kwa nyuzi mbili inaishinda myuteksi waziwazi. Nikiwasha nyuzi nane kwenye seva yetu ya kori mbili, maombi mengi yanapita vizuri lakini machache yanachelewa milisekunde kadhaa. Je, hii amri ni ya haki au ni woga?

```c
while (atomic_exchange(&kufuli, 1))
    ;
/* mistari sita */
atomic_store(&kufuli, 0);
```

Kasi_Kwanza:
Woga mtupu. Myuteksi ukiigusa tu inakupeleka kwenye kerneli, uzi unalazwa, unaamshwa, mikrosekunde zimekwenda wakati kazi yenyewe haifiki hata nanosekunde mia. Ugonjwa wako ni hiyo `atomic_exchange`, inaandika hata pale inapokosa kufuli. Weka `atomic_compare_exchange_strong`, yenyewe inaandika ikikuta sifuri tu. Basi, umepona. Wanaoogopa kuzunguka ni wale waliozoea kutengeneza tovuti za kwanjula.

Nyabo wa Seva:
Tovuti za kwanjula zimelipa ada ya wadogo zangu wawili, na hakuna hata moja iliyowahi kuganda mchana wa sherehe bwana harusi akiwa njiani. Wewe spinloki zako zimemlipia nani?

Boda_256:
Mimi naona kama boda stejini: abiria akiwa anavuka barabara huzimi injini, akiwa bado anaoga nyumbani unazima. Mnagombania nini?

Kasi_Kwanza:
@Nyabo sikukutaja jina. Aliyejikuna ndiye anayewashwa.

Nyabo wa Seva:
Ulitaja kazi yangu. Na wewe Boda, swali si abiria yuko wapi. Swali ni nani anajua yuko wapi. Uzi unaozunguka haujui kama mwenye kufuli anafanya kazi au amewekwa kando. Torvalds alishawahi kulifokea hili, 2019 sijui 2020, kwamba watu wa nje ya kerneli waache kujitengenezea spinloki.

Fundi Mizani (Mbale):
Mimi nina mizani za kahawa vijijini, zinatumia sola. Ndani kuna ATmega328P na kipima uzito cha HX711. Niliweka bendera: programu kuu ikiwa inasoma uzito, bendera ni 1. Mtu akibonyeza kitufe, kikatizo kinaingia na kusubiri bendera irudi 0 kwa `while (bendera);`. Mizani ilikuwa inaganda, lakini si kila siku, ni pale kitufe kilipobonyezwa katikati ya usomaji. Na betri ilikuwa inaisha kabla ya jioni. Kwa hiyo naunga mkono marufuku.

Kasi_Kwanza:
Mzee, hapa tunazungumzia seva, si mizani ya kijijini.

Fundi Mizani (Mbale):
Hiyo mizani ya kijijini ndiyo inayopima kahawa unayokunywa huko ofisini. Kijana, heshima kidogo.

Jajja Kerneli:
Mwacheni Fundi, kisa chake kinafundisha kuliko vyote mlivyoandika hapo juu. Fundi, chipu yako ina kori moja. Kikatizo kimeisimamisha programu kuu, halafu kinaisubiri hiyo hiyo programu kuu iachie bendera. Hiyo si foleni ndefu, ni foleni isiyo na mwisho. Kwenye chipu kama hiyo dawa ni kuzima vikatizo kwa zile hatua chache za kusoma, kisha unaviwasha. Kuzunguka kuna maana tu ikiwa mwenye kufuli anakimbia kwenye kori nyingine sasa hivi.

Sasa Opi, weka sharti hilo kwenye seva yako. Una kori mbili na nyuzi nane. Tuseme mistari yako sita inachukua nanosekunde 50. Mwenye kufuli akiwa anakimbia kwenye kori ya pili, jirani yake atazunguka kwa nanosekunde hizo na kuingia. Kulala na kuamshwa kungemgharimu mikrosekunde kadhaa. Hapo kuzunguka kumeshinda, na ndicho ulichokiona kwa nyuzi mbili.

Lakini siku kipanga-kazi cha kerneli kikimwondoa mwenye kufuli katikati ya mstari wa tatu, kori yake inapewa uzi mwingine, nao unakuja kuzunguka. Sasa kori zote mbili zina wazungukaji, na mtu pekee anayeweza kufungua yuko nje kwenye foleni. Kerneli haijui kwamba wale wanasubiri, inaona watu wanaochapa kazi kweli kweli, kwa hiyo inawaacha wamalize zamu zao. Zamu ikiwa milisekunde 3, umechoma muda wa kutosha kwa kufuli lako kushikwa mara 60,000. Hizo ndizo milisekunde zako, Opi. Uzi uliolala usingeleta hayo, kwa sababu ungempisha mwenye kufuli arudi kwenye kori.

@Nyabo, ilikuwa Januari 2020.

Opi wa Ntinda:
Nitajuaje kwamba ndicho kinachotokea na si mtandao?

Jajja Kerneli:
Funga programu nzima kwenye kori moja kwa `taskset -c 0` uipime tena. Ucheleweshaji ukipaa vibaya kuliko kori zilivyopungua, ni kufuli. Kisha angalia `perf top`. Ukiona ile `while` yako iko juu kabisa, huku prosesa ikionyesha asilimia 100 na maombi yanayokamilika yakipungua, umeshampata mwizi. Usitumie `strace` kumtafuta, maana uzi unaozunguka hauiti kerneli kabisa, utaona kimya ukadhani kila kitu ni salama.

Nyabo wa Seva:
Na kama seva ni ya kukodi, angalia safu ya `st` kwenye `top`. Ikiwa inapanda, maana yake mwenye mashine anaichukua kori yako na kumpa mpangaji mwingine. Unaweza kuwa na nyuzi mbili kwenye kori mbili, umehesabu vizuri, na bado mwenye kufuli akaondolewa pamoja na kori yake yote. Ndiyo maana nauliza watu wanakodi wapi.

Boda_256:
Frankfurt bei rahisi.

Nyabo wa Seva:
Rahisi mpaka uhesabu muda wa kwenda na kurudi kutoka Kampala. Mtu anagombania nanosekunde 50 halafu ombi lenyewe linavuka bahari!

Kasi_Kwanza:
Hamjajibu hoja yangu ya `compare_exchange`. Ikikosa haiandiki. Ni sahihi au si sahihi?

Jajja Kerneli:
Kwa maana ya lugha ya C, ni sahihi: thamani haibadiliki. Kwa vifaa vya Intel na AMD haikusaidii. `lock cmpxchg` inauvuta mstari mzima wa kashe, baiti 64, na kuumiliki peke yake hata kama ulinganisho umeshindwa. Kwa hiyo wasubiri wote bado wananyang'anyana ule mstari, na mwenye kufuli anapotaka kuandika 0 naye anaingia kwenye vurugu hiyo hiyo. Kinachosaidia ni kusubiri kwa kusoma tu, kila kori inasoma nakala yake kimya, na kujaribu kushika pale tu inapoonekana kufuli limeachiwa:

```c
while (atomic_exchange(&kufuli, 1))
    while (atomic_load_explicit(&kufuli,
                                memory_order_relaxed))
        _mm_pause();
```

Hii inapunguza kelele kati ya kori. Haimrudishi mwenye kufuli aliyeondolewa, kwa hiyo milisekunde za Opi zitabaki pale pale.

Na lile la kwamba myuteksi inakwenda kwenye kerneli kila mara, hapana. Kwenye Linux kufuli likiwa wazi, `pthread_mutex_lock` inabadilisha 0 kuwa 1 kwa hatua moja isiyogawanyika, kwa `cmpxchg` hiyo hiyo unayoipenda, na kerneli haipati habari. Ni pale inapokuta limeshikwa ndipo inaandika 2 na kwenda kulala kwa `futex`. Anayeachia akikuta 2, ndipo anamwamsha mtu.

Kasi_Kwanza:
Sawa, lakini ikikuta limeshikwa inalala, na kulala ni ghali. Hilo hujaliondoa.

Jajja Kerneli:
Sijaliondoa, na ndiyo maana sikubaliani na amri ya kina Opi ilivyoandikwa. Kuna njia ya kati: zunguka kwa muda unaolingana na gharama ya kulala, ukikosa, lala. Kama kulala na kuamka ni mikrosekunde 5, zunguka mikrosekunde 5. Mwenye kufuli akiachia mapema, umeokoa safari. Asipoachia, umelipa 5 za kuzunguka na 5 za kulala, yaani mara mbili ya aliyelala moja kwa moja, wala haizidi hapo. Glibc inayo tayari:

```c
pthread_mutexattr_settype(&a, PTHREAD_MUTEX_ADAPTIVE_NP);
```

Inahesabu mizunguko, haihesabu muda, na hapo ndipo penye udhaifu. Amri ya `pause` kwenye prosesa za Intel za zamani ilikuwa kama mapigo 10 ya saa. Kuanzia Skylake ni kama 140. Mizunguko ile ile, muda tofauti kabisa.

Fundi Mizani (Mbale):
Nimezima vikatizo kama ulivyosema, Jajja, haigandi tena. Lakini betri bado inaisha.

Jajja Kerneli:
Hiyo ni kwa sababu programu kuu nayo inazunguka ikisubiri HX711 iwe tayari. Ilaze chipu, pini ya data ikishuka kikatizo kiiamshe. HX711 kwa kawaida inatoa vipimo 10 kwa sekunde. Kwenye mikrosekunde chache usingizi ni hasara, lakini kati ya kipimo na kipimo una milisekunde mia.

Opi, hiyo mistari sita ni ipi hasa?

Opi wa Ntinda:
Kutafuta sarafu, kusoma bei, kusoma wakati, kuandika bei mpya ikiwa imefika. Kama sarafu haimo kuna `realloc`. Lakini sarafu mpya haiongezwi mara kwa mara, labda mwezi mzima upite.

Nyabo wa Seva:
`realloc` ndani ya spinloki! Na mimi ndiye wa kwanjula.

Opi wa Ntinda:
Nimesema ni mara chache.

Jajja Kerneli:
Hata mara moja inatosha. `realloc` ina kufuli lake ndani, na inaweza kwenda kuomba kumbukumbu kwa kerneli wakati wengine wote wanakuzungukia. Halafu jedwali lenyewe linasomwa sana na kuandikwa kidogo. Kwa nini msomaji ashike kufuli lolote? Tengeneza jedwali jipya pembeni, likikamilika badilisha kielekezi kimoja kwa hatua moja. Msomaji anapata la zamani zima au jipya zima.

Kasi_Kwanza:
Na hicho kielekezi unakibadilisha kwa nini, kama waandishi ni wawili? Kwa `compare_exchange`. Nilisema tangu mwanzo.

Jajja Kerneli:
Ulisema uiweke kwenye spinloki, sebo.

Opi wa Ntinda:
Ngojeni. Nikishabadilisha kielekezi, lile jedwali la zamani nalifuta lini? Si kuna uzi unaweza kuwa bado unalisoma?

Kasi_Kwanza:
Subiri sekunde moja ufute.

Nyabo wa Seva:
Na huo uzi ukiwa umeondolewa kwenye kori kwa sekunde mbili?

Kasi_Kwanza:
Haiwezekani sekunde mbili.

Nyabo wa Seva:
Tuma hapa picha ya `st` ya seva yako saa tatu usiku ndipo tuendelee.