Tupeane uzoefu: imeili ikisema "tumepokea nyaraka zako", siku mnaanza kuhesabu lini?

Dada wa Kihonda
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ameomba nafasi ya kusoma, amejibiwa hivi: "Tumepokea nyaraka zako. Zitakaguliwa, na utapata jibu ndani ya siku 10 za kazi baada ya kuthibitishwa kuwa zimekamilika." Yeye kaanza kuhesabu palepale alipobonyeza kitufe cha kutuma, na kila asubuhi ananiamsha kuniuliza mbona kimya. Waliopitia haya, ilikuwaje kwenu?

Chuma cha Pua
Hiyo inaandikwa na mashine, dada. Hata ukituma karatasi tupu utajibiwa "tumepokea". Ipuuze tu, msubiri ya mtu.

Karani Mstaafu
Chuma, kwamba ni mashine ni kweli. Kuipuuza hapana. Nimekaa masijala na udahili miaka mingi, na mtu akija kuulizia faili lake, cha kwanza nilichomwomba ni namba ya kumbukumbu iliyo kwenye imeili hiyo. Kwa jina peke yake utakuta akina Neema Joseph kumi na kitu.

Sasa dada, rudia sentensi yao: "baada ya kuthibitishwa kuwa zimekamilika." Hapo kuna hatua mbili. Mashine inapokea saa yoyote, hata usiku wa manane. Kisha mtu anafungua faili aone kama cheti kinasomeka, kama majina yanafanana na ya cheti cha kuzaliwa, kama nakala ina mhuri wa wakili. Siku 10 zinaanza huyo akisharidhika. Akikuta ukurasa wa pili wa matokeo haupo, atakuandikia uulete, na hesabu haianzi mpaka uufikishe. Kwa hiyo mdogo wako anatafuta imeili ya pili, inayosema zimekamilika au inayotaja kilichopungua. Aangalie na kwenye spamu.

Mangi Mdogo
Mimi nilitumiwa ujumbe wa kupokelewa, chini wameandika nilipe elfu thelathini ili faili lisogezwe mbele. Nalipia wapi, kwa wakala au benki?

Karani Mstaafu
Mangi, usilipe kwanza! Ada halali ilipaswa kutajwa kwenye tangazo, kabla hujaomba. Usibonyeze kiungo chao. Andika mwenyewe anwani ya tovuti uliyoombea, ingia kwenye akaunti yako uone kama deni hilo lipo.

Msafiri wa Tanga
Wenzetu wa viza ya Shengeni hawana siku za kazi. Ni siku 15 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo, na wakihitaji kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Nao wanaanzia ombi linapokubaliwa kuwa limetimia, siyo siku ulipochukua miadi.

Mama Zuhura
Mwanangu aliomba kibali cha kusoma Kanada. Imeili iliyomfikia ilisema tu ana ujumbe mpya kwenye akaunti. Akasema ataufungua wikiendi. Kumbe ndani ni barua ya kwenda kupigwa alama za vidole, ina siku 30 tu! Bahati nzuri shangazi yake alimsukuma akaifungua. Tangu hapo nikisikia "una ujumbe" nasimama juu yake mpaka aingie.

Dada wa Kihonda
Asanteni. Karani, hizo siku 10 za kazi si wiki mbili kamili?

Karani Mstaafu
Kama hakuna sikukuu. Chukua faili lililothibitishwa Jumatano, tarehe 27 Machi 2024. Kwa wiki mbili ungetegemea jibu tarehe 10 Aprili. Lakini siku ya kwanza ni Alhamisi ya tarehe 28, kisha Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hazihesabiki. Tarehe 2 hadi 5 Aprili unafika siku ya tano. Siku ya Karume iliangukia Jumapili, haikupunguza kitu. Tarehe 8 na 9 ni ya sita na ya saba, halafu Idd ikala tarehe 10 na 11. Ya nane ni Ijumaa tarehe 12, na ya kumi ni Jumanne tarehe 16. Waliopiga simu tarehe 11 walikuta ofisi imefungwa, wakadhani wametupwa.

Chuma cha Pua
Haya, hapo nimekuelewa. Ila mimi siwezi kungoja hadi siku ya kumi. Ya tano tu nawaandikia, wajue nipo.

Karani Mstaafu
Ukiandika ya tano unapewa jibu lilelile la mashine. Andika siku ya kumi na moja, namba ya kumbukumbu uiweke kwenye kichwa cha imeili, na utumie anwani ya mawasiliano. Hizo za "noreply" hazina msomaji.

Msafiri wa Tanga
Hapo sikubaliani nawe, Karani. Ofisi nyingine faili linalala kabla hata ya ukaguzi, na hizo siku 10 hazianzi kamwe. Huyo atasubiri ya kumi na moja ya nini?

Dada wa Kihonda
Na ndiyo wasiwasi wangu. Imeili ya pili haijaja, na hawajasema ukaguzi wenyewe unachukua siku ngapi. Kuna aliyewahi kuwauliza hilo akajibiwa?