Nimekata tangazo la kurasa mbili likawa mistari miwili, nikaambiwa mbele ya kamati nzima "hii ni meseji ya kuomba vocha"

Mkata Kamba (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mheshimiwa wa kamati yetu, sihitaji kumtaja, kila aliyewahi kukaa kikao Dar anamjua: mwenye miwani juu ya kipaji na neno "itifaki" mdomoni. Leo kanidhalilisha.

Tuna zoezi la kuchangia damu pale viwanja vya Mnazi Mmoja. Tangazo kaliandika yeye: kurasa mbili, salamu tatu, historia ya kamati tangu enzi za Nuhu, na mgeni rasmi mwenye vyeo vingi kuliko watu tutakaowapata. Nikapewa nilifupishe liende Instagram. Nililala nalo, nikatoka na hili:

"Changia damu Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Mnazi Mmoja, Dar. Miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50."

Herufi 115, pamoja na nafasi na mikato. Mtu akiwa kwenye daladala kidole kinateremka, anajua aje wapi, lini, na kama anafaa. Nikaliweka kwenye grupu la kamati. Mheshimiwa akajibu kwa sauti, ile ya kushikilia kitufe, watu wote wakasikia: "Kijana, hii ni meseji ya kuomba vocha."

Vocha! Mimi!

Akalifuta, akapandisha la kwake. Linaanza hivi: "Uongozi wa kamati ya maandalizi unayo furaha kubwa kuwatangazia wanachama, wadau, wahisani na wananchi wote kwa ujumla kuwa". Nimehesabu, ni herufi 123. Pale Instagram inapokata, mtu anaona furaha kubwa ya uongozi, halafu nukta tatu. Furaha ya nini? Ya mkutano? Ya msiba? Mpaka jioni maoni chini ni "Lini?", "Wapi?", na mmoja kaandika "Hongereni sana". Anapongeza nini huyo?

Halafu mimi ndiye wa vocha.

Shombo la Feri

Mkuu na wewe uzi wako mrefu, ungeanza kuukata huu. Kwa hiyo vocha alikutumia au hakutumia?

Profesa wa Mtaa

Mheshimiwa kakosea ila na wewe ulibahatisha. Instagram mwisho herufi 280, ukizidisha hata moja haiendi. Ndiyo maana la kwake limekatwa.

Dada Mhariri

Profesa, hizo 280 ni za X. Instagram inapokea hadi 2,200, la mheshimiwa limeingia lote bila shida. Tatizo ni kwamba kwenye mtiririko zinaonekana kama 125 za mwanzo tu, nyingine zinafichwa mpaka mtu abonyeze. Na hiyo 125 si mstari wa chuma, inategemea simu na mahali unapovunja aya. Kwa hiyo mimi huwa naweka kitendo, siku, saa na mahali ndani ya herufi 100 za kwanza, ili hata ikikata mapema nisipoteze kitu.

Mleta mada, lako ni zuri kuliko la mheshimiwa kwa mbali. Ila Jumamosi ipi? Posti inazunguka siku nne tano, mtu anaikuta Jumapili anasubiri wiki nzima bure. Andika "Jumamosi 14/6,". Umeongeza herufi 5, unafika 120, bado umo.

Mkata Kamba

Dada tarehe ilikuwa kwenye bango, kubwa, nyekundu. Hilo si hoja. Hoja ni vocha.

Dada Mhariri

Bango linabaki Instagram. Mama mmoja atanakili maneno ayapeleke kwenye grupu la kanisa, picha haiendi. Maneno lazima yasimame yenyewe.

Mtoto wa Chumbageni

Mimi nasema saa ziandikwe 8:00 AM. Hiyo "saa 2" mdogo wangu aliyesomea nje angekuja saa nane mchana.

Dada Mhariri

Ukiandika 8:00 kwa watu wa Dar, nusu watakuja saa nane mchana ile ile unayoikimbia. "Saa 2 asubuhi" haimpotezi mtu, mradi neno "asubuhi" lisikatwe. Wengi wakifupisha ndilo wanaloanza kutupa.

Mjumbe Mstaafu

Vijana mnamwonea huyo mzee. Nimekaa kamati za namna hiyo. Mahema, viti na maji vinatoka kwa mdhamini. Asipoliona jina lake, mwakani hapokei simu. Na mgeni rasmi ofisi yake inaomba kuona tangazo kabla hajathibitisha. Mleta mada kawafuta wote kwa kalamu moja.

Mkata Kamba

Mzee wangu, shikamoo. Sikuwafuta, niliwashusha chini. Mistari miwili ya juu ya mchangiaji, kisha nafasi, kisha mgeni rasmi, wadhamini na shukrani, wote kwa majina kamili. Anayewatafuta atabonyeza. Nilichofuta ni historia na salamu. Mheshimiwa hakuteremsha hata kidole kuona! Kasoma mistari miwili, kashika kitufe, kasema vocha!

Mjumbe Mstaafu

Marahaba. Hapo sawa kidogo. Lakini mdhamini naye hateremshi.

Dada Mhariri

Hiyo ni kweli, na sina dawa yake. Mimi huwa namweka kwenye bango lenyewe, nembo pembeni. Wengine wanakubali, wengine wanataka mstari wa kwanza.

Nikiongeza moja: chini ya pale inapokata weka "kula kabla ya kuja" na muda wa kukaa tangu uchangie mara ya mwisho, miezi 3 kwa wanaume na 4 kwa wanawake. Hivyo havimzuii mtu kuamua kuja, lakini asipovijua anafika anarudishwa. Umri na kilo 50 umeviweka juu, umefanya vizuri. Na hayo "Lini?" na "Wapi?" kwenye maoni ndiyo kipimo. Yapige picha umtumie mheshimiwa.

Pua Kavu

Kwani hiyo damu mnaenda kuiuza? Maana shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji tuliambiwa tulete ndugu wachangie kwanza. Sasa ile ya Mnazi Mmoja inakwenda wapi? Mtujibu hapa.

Shombo la Feri

Mada ni vocha, Pua Kavu.

Mkata Kamba

ASANTE. Mada ni vocha.

Mama Wawili Kigamboni

Afadhali wewe umeambiwa vocha. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi. Nimeandika "Mchango mwisho Ijumaa, namba ya kutuma ni hii". Mwenyekiti kaongeza sala, mti wa ukoo wa bwana harusi na methali. Namba ya kutuma imefika mwisho kabisa baada ya "Amina". Watu wanasema hawakuiona.

Mtoto wa Chumbageni

Wameiona. Hao hawataki kuchanga tu.

Pua Kavu

Kadi ya dabo kwenu shilingi ngapi? Huku kwetu wamepandisha na kamati haitaki kuulizwa.

Mama Wawili Kigamboni

Usinitoe machozi. Dabo laki na nusu, na ukumbi hauna hata feni.

Profesa wa Mtaa

Laki na nusu na chakula kinaishia meza ya nane. Mwaka jana nililipa, nikarudi nyumbani kununua chipsi.

Mkata Kamba

Jamani, uzi ni wa tangazo.

Shombo la Feri

Chipsi za wapi hizo, Profesa?