Mrejesho: plagi nyeusi kwenye pikipiki ya 125

Niliuliza: "Plagi inatoka nyeusi tii na petroli inaisha haraka. Nibadilishe kabureta?"

Wakuu, kabureta haikuwa na kosa. Masizi yalikuwa makavu, ukipangusa kwa kidole yanatoka. Yangekuwa na utelezi ningeshuku oili inapita kwenye ringi. Nikafungua eakilina: sponji imezibwa na vumbi, injini inakosa hewa. Nikaiosha, nikafunga plagi mpya, nikaendesha kilomita 10 hivi kwa gia ya juu, nikabana klachi na kuzima hapohapo. (Ukiiacha ingurume imesimama, masizi yanarudi na kukudanganya.) Kaure ya nchani sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Ingekuwa nyeupe yenye vidoa ningeogopa: petroli kidogo, joto limezidi.