Mrejesho: malipo ya M-Pesa yaliyogoma na kitufe cha kusitisha

Niliuliza: "Tovuti yangu ya mazoezi ya mitihani hapa Kisumu hulipiwa shilingi 300 kwa mwezi. Malipo yakigoma, mwanachama anafungiwa papo hapo. Nifanyeje?"

Asanteni sana ndugu zangu. Nilifuata ushauri wa kusoma kwanza `ResultCode`, namba ya jibu ambayo M-Pesa hurudisha, maana nilikuwa nahesabu kila kosa kuwa sawa. Ikija 1, salio halikutosha, kwa hiyo natuma ombi la malipo tena baada ya siku mbili, jioni. Ikija 1037, simu haikupatikana au mtu hakujibu. Najaribu baada ya saa chache. 1032 amekataa mwenyewe, simsumbui tena, namtumia ujumbe mmoja tu wenye kiungo cha kulipa. Akaunti hubaki wazi siku saba. Mwezi uliopita malipo ya wanachama 41 yaligoma, na 23 kati yao wakalipa.

Kitufe cha "Sitisha uanachama" nacho kipo, kikionyesha siku ya mwisho ya huduma. Hapo niliaibika: mama mmoja alisitisha, kesho yake akaletewa ombi la malipo lililokuwa tayari kwenye foleni. Sasa hali ya uanachama inakaguliwa sekunde ya kutuma, si wakati wa kupanga foleni.