Mrejesho: ukimya wa siku ya kwanza

Niliuliza: "Mimi ni mtu wa haya. Nikikutana mara ya kwanza na mtu ninayempenda maneno yakaniishia, nifanyeje?"

Wakuu, mimi naye tumeonana jana Koko Bichi. Hatukukaa ana kwa ana. Tulitembea ufukweni, kisha tukala mihogo tukiitazama bahari, macho yakawa na pa kwenda. Swali moja nililokariri nyumbani lilisikika kama usaili, nikayaacha mengine. Ukimya ukaja, mikono ikalowa jasho. Nikashusha pumzi taratibu, nikamwambia: "Mwanzoni huwa naona haya, nivumilie." Akacheka, akasema naye yuko hivyo hivyo. Nikarudi kwenye jambo alilogusia mapema, shamba la bibi yake Lushoto, nikauliza wanalima nini. Hapo aliongea mpaka giza likaingia! Jumamosi tunaonana tena.