Mrejesho: video ya harusi imecheza kwenye runinga

"Video ya harusi ya dada ni .mp4, runinga inaandika 'Unsupported codec'. Mbona .mp4 nyingine zinacheza?"

Wakuu, asanteni, imecheza. Kumbe .mp4 ni kontena tu, boksi linalobeba picha na sauti. Kodeki ndiyo namna picha ilivyobanwa ndani yake. Nilifungua faili kwa VLC kwenye kompyuta, nikabonyeza Ctrl+J, nikakuta kodeki ya picha ni HEVC. Runinga yangu ya zamani inafungua H.264, HEVC haiijui. Kubadili jina kuwa .mkv hakukusaidia, kwani kilichomo ni kilekile. Nikabadili picha kuwa H.264 kwa programu ya ffmpeg, kwa amri hii:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v libx264 -c:a copy harusi2.mp4
```

Inachukua muda, maana picha zote zinabanwa upya. Kodeki ya sauti ilikuwa AAC, nikaiacha kama ilivyo. Faili la awali nimelitunza, kwa sababu kubana upya kunapunguza ubora kidogo.